Toni Haibahatishwi: Darasa Linaposoma Shairi Moja kwa Kalamu za Rangi

Mwalimu yeyote wa Fasihi aliyewahi kusahihisha maswali ya ushairi analijua jibu hili: "Toni ya shairi hili ni ya huzuni." Linaishia hapo. Huenda jibu ni sahihi, lakini mwanafunzi hakuonyesha ni neno gani lililomfikisha huko. Ukimuuliza, atasema shairi linazungumzia kifo, na kifo ni cha kuhuzunisha. Atakuwa ametaja mada, na toni bado hajaigusa, kwa kuwa watu wawili wanaweza kuzungumzia kifo kilekile, mmoja kwa uchungu na mwingine kwa hasira au hata kwa shukrani.

Nchini Kenya, swali la ushairi katika Karatasi ya Tatu ya mtihani wa KCSE lina alama 20. Mara nyingi mwanafunzi huanza na vipengele vinavyohesabika, yaani beti, mishororo, mizani na vina. Hivyo havimtishi. Hofu huanza anapoambiwa abainishe taswira au toni, kwa kuwa hapo hana cha kuhesabu. Ndiyo maana hubahatisha.

Makala haya yanafuatilia somo moja linalolitibu tatizo hilo. Darasa zima hushughulikia shairi moja tu, kwa makundi, kila kundi likiwa na nakala kubwa ambayo wanafunzi huichora na kuiandika pambizoni. Kanuni yake ni moja: hakuna maelezo yanayoandikwa bila mstari unaoyaunganisha na neno fulani ndani ya shairi.

Shairi lenyewe

Shairi la somo kama hili lisiwe refu. Mishororo kumi na miwili inatosha, kwa sababu lengo ni kukaa na kila neno. Liwe na vitu vinavyoonekana, na hisia ibadilike njiani, maana toni isiyobadilika haiwapi wanafunzi cha kulinganisha. Hili hapa limetungwa kwa ajili ya makala haya:

Cherehani

Jogoo akisha wika, gurudumu li mbioni,
Sindano inainuka, yadonoa mapindoni,
Sare zikisha shoneka, twang'ara nazo shuleni,
Cherehani ya mamangu, iko pale dirishani.

Gurudumu lina kutu, mkanda u sakafuni,
Buibui ndiye mtu, ashonaye mle ndani,
Vimebakia viatu, vyake mama uvunguni,
Cherehani ya mamangu, iko pale dirishani.

Ndugu aliowavisha, mwakutana kikaoni,
Bei mnaipandisha, mwaiweka mizanini,
Usiku aliokesha, una kilo ngapi ndani?
Cherehani ya mamangu, iko pale dirishani.

Chukulia darasa la kidato cha tatu lenye wanafunzi 48 na vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80. Makundi yatakuwa manane, ya wanafunzi sita sita. Kabla ya kipindi, mwalimu huliandika shairi katikati ya karatasi za manila, moja kwa kila kundi, akiacha nafasi ya kiganja kati ya mishororo na pambizo pana pande zote. Shule isiyo na manila hutumia upande mweupe wa kalenda za mwaka uliopita. Kila kundi hupewa kalamu ya buluu, kalamu nyekundu na penseli. Buluu ni ya taswira, nyekundu ni ya maneno yanayobeba hisia, na penseli ni ya maswali. Maswali huandikwa kwa penseli kwa sababu mengi yatafutwa yakishapata majibu.

Kusikia kwanza

Dakika kumi za mwanzo hakuna anayeshika kalamu. Mwalimu husoma shairi kwa sauti, polepole, bila madoido. Kisha mwanafunzi mmoja hulisoma tena, na darasa zima hupokea kibwagizo. Baada ya hapo mwalimu huuliza swali moja tu: "Nani anasema, na anamwambia nani?"

Swali hili ndilo msingi wa yote yatakayofuata, kwa kuwa toni ni msimamo au hisia ya nafsineni kuhusu anachokisema, kama inavyojitokeza katika maneno aliyoyachagua. Usipomjua msemaji, huna wa kumhusisha na hisia hiyo. Katika shairi hili nafsineni ni mtoto wa mwenye cherehani. Jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita ni kwamba nafsinenewa hubadilika. Katika ubeti wa kwanza na wa pili hakuna anayeambiwa moja kwa moja. Katika ubeti wa tatu msemaji anawageukia ndugu zake: "mwakutana", "mnaipandisha", "mwaiweka". Mwalimu asiwaambie hilo. Kundi litakalozungushia viambishi hivyo rangi nyekundu baadaye litakuwa limeushika ufunguo wa ubeti mzima.

Kwa dakika hizi, mizani na vina vimepumzishwa. Hilo lisemwe waziwazi, la sivyo nusu ya makundi yataanza kuhesabu silabi, maana ndiyo kazi waliyoizoea. Umbo litarudi mwishoni, likiwa na la kusema kuhusu maana.

Kalamu ya buluu: unaona nini hasa?

Dakika ishirini zinazofuata ni za taswira. Makundi hupigia mstari kila mahali ambapo maneno yanajenga picha akilini, kisha huandika pambizoni kile wanachokiona, wanachokisikia au wanachohisi kukigusa. Taswira haiishii machoni. Gurudumu lililo mbioni alfajiri lina mwendo, na kwa anayeijua cherehani ya miguu, lina mlio pia. Kutu ina rangi, na ukiigusa inakwaruza.

Kosa la kawaida hapa ni kukimbilia jina la tamathali. Kundi litapigia mstari "Buibui ndiye mtu", litaandika "tashihisi", kisha litasonga mbele. Jina ni sahihi, lakini halijaeleza chochote. Kwa hiyo somo lina sharti la pili: jina la tamathali huandikwa mwisho, baada ya kueleza picha yenyewe na kazi inayofanya. Maelezo yanayofaa yatakuwa kama haya: "Tunaona utando ndani ya cherehani. Anayeshona sasa ni buibui, amechukua nafasi ya mama. Mashine haijatumika kwa muda mrefu. Tashihisi." Sasa jina limewekwa juu ya kitu.

Mshororo wa pili wa ubeti wa kwanza huleta mjadala mzuri. Mwanafunzi mmoja ataandika kwamba sindano ni kama kuku anayekula punje. Mwenzake atapinga: "Kuku hatajwi popote." Wote wawili wana hoja, na jibu limo katika kitenzi. Kinachodonoa ni mdomo wa ndege. Mtunzi hakumtaja ndege, ila alimwazima kitendo chake akampa sindano, nayo ikapata uhai, haraka na njaa ya kazi. Mwanafunzi akivuta mstari kutoka neno "yadonoa" hadi pambizoni, ubishi unakwisha. Akishindwa kulipata neno la kuvuta mstari, dai lake halina mahali pa kusimama katika shairi, hata kama ni zuri.

Viatu vya uvunguni navyo visipitwe haraka. Makundi mengi yataandika, "Mama amekufa." Mwalimu anayezunguka darasani huuliza, "Mshororo gani unasema hivyo?" Hakuna. Shairi halitaji kifo hata mara moja. Linachoonyesha ni viatu visivyo na mwenyewe, mkanda ulioanguka bila mtu wa kuurudisha, na ndugu wanaopanga bei ya kitu ambacho mwenye nacho angekuwepo wangemwomba ruhusa. Wanafunzi huruhusiwa kuhitimisha kwamba mama amefariki, mradi waviorodheshe vitu hivyo vitatu pambizoni kama ushahidi. Hapo wanajifunza kutofautisha kilichosemwa na shairi na kilichojengwa na msomaji kutokana na taswira.

Kalamu nyekundu: hisia imekaa wapi?

Taswira zikishaandikwa, toni haiko mbali tena. Makundi hurudi ubeti kwa ubeti, kwa dakika ishirini nyingine, yakizungushia rangi nyekundu maneno ambayo yangebadilishwa, hisia ingebadilika. Kipimo chake ni rahisi: liondoe neno, weka jingine lenye maana ya karibu, kisha usome tena kwa sauti.

Tuchukue "twang'ara nazo shuleni". Badala yake soma "twavaa sare shuleni". Habari ni ileile, watoto wana sare, lakini fahari imetoweka. Kwa hiyo fahari ilikuwa katika "twang'ara". Katika ubeti wa tatu, badala ya "mwaiweka mizanini" soma "mwaiuza kwa jirani". Kuuza kwa jirani ni biashara ya kawaida, na pengine jirani atashonea watoto wake. Mizani inafanya jambo jingine. Cherehani hununuliwa kwa thamani ya kazi yake. Kinachopimwa kwa kilo ni chuma chakavu. Neno moja limewafanya ndugu waonekane kama watu wasiojua walicho nacho mikononi.

Baada ya jaribio hilo, kila kundi huandika neno moja la toni kando ya kila ubeti. Hapa tatizo la msamiati hujitokeza, kwani wanafunzi wengi wana maneno mawili tu, huzuni na furaha. Ni vyema mwalimu aandike ubaoni maneno kama kumi: fahari, furaha, ukiwa, huzuni, uchungu, lawama, kejeli, hasira, matumaini, unyenyekevu. Kisha ayapambanue kwa sentensi za kila siku. Anayesema "Umefika mapema leo!" kwa mtu aliyechelewa saa nzima anatumia kejeli. Anayesema "Nilikungoja saa nzima" ana lawama. Anayesema "Nilidhani hutanijia tena" ana uchungu. Tukio ni moja, toni ni tatu.

Kwa kawaida ubeti wa kwanza hausumbui, wengi wataafikiana juu ya fahari au furaha. Ubeti wa pili utapata "huzuni", na hapo mwalimu asukume kidogo: huzuni ya namna gani? Hakuna anayelia katika ubeti huo wala kulalamika. Kuna vitu tu, na kila kimoja kinaonyesha mtu asiyekuwepo. Neno "ukiwa" linakaa vizuri zaidi, na kundi likilichagua lazima liseme ni kwa nini.

Makundi yanapopingana

Dakika kumi na tano zinazofuata, karatasi hubandikwa ukutani na makundi huhama kutoka moja hadi nyingine kwa zamu. Kila kundi huweka alama ya vema penye hoja linayoikubali na alama ya kuuliza penye hoja isiyo na ushahidi. Ubeti wa tatu ndio utakaojaa alama za kuuliza. Kundi moja limeandika hasira, jingine lawama, jingine kejeli, na kuna lililoandika uchungu.

Mwalimu asiharakishe kuchagua mshindi. Awarudishe kwenye mshororo wa tatu: "Usiku aliokesha, una kilo ngapi ndani?" Waliosema hasira waulizwe liko wapi neno la ukali. Hawataliona, hakuna tusi wala laana. Waliosema lawama wana ushahidi wa viambishi vya "m-", kwa kuwa msemaji anawaelekezea ndugu kidole, na pia wana neno "aliowavisha", linalowakumbusha wema waliotendewa. Waliosema kejeli wana swali lenyewe. Ni swali la balagha, yaani lisilongoja jibu. Msemaji amelichukua neno la ndugu zake, kilo, akalipachika kwenye kitu kisichopimika, usiku wa mama aliyekesha akishona. Hapo lugha ya mizani inajiumbua yenyewe. Waliosema uchungu nao wana mkono wao, kwa sababu anayekumbuka usiku ule ni mtu aliyeuona, mtoto aliyelala mama akiwa macho.

Hitimisho linaloweza kutetewa ni kwamba ubeti una lawama inayosemwa kwa kejeli, na chini yake upo uchungu. Toni mbili zinaweza kukaa katika ubeti mmoja, ila kila moja iwe na neno lake. Hasira ndiyo inayoondolewa, na inaondolewa kwa kukosa ushahidi. Mwanafunzi aliyeipendekeza ataelewa sababu, na hilo lina faida kubwa kwake kuliko kuambiwa tu kwamba amekosea.

Kisha darasa hurudia kibwagizo. Maneno ni yaleyale mara tatu: "Cherehani ya mamangu, iko pale dirishani." Wanafunzi watatu hukisoma kwa sauti, kila mmoja akimalizia ubeti wake. Baada ya fahari ya sare, mshororo huo humwonyesha mtu kitu cha kujivunia nyumbani kwao. Baada ya kutu na buibui, unasikika kama kauli ya mtu anayetazama pengo. Baada ya swali la kilo, unageuka kuwa msimamo: bado iko pale, haijauzwa. Na hapa ndipo umbo lilipoachwa kando linaporudi na maana yake. Marudio ya kibwagizo ni sehemu ya kazi ya toni, maana maneno hayakubadilika na bado hisia imebadilika. Mwanafunzi aliyezoea kuandika kwamba kibwagizo "kinasisitiza ujumbe" sasa ana la kuongeza.

Dalili kwamba somo limekwenda kombo

Dalili ya kwanza ni mwandiko mmoja kwenye karatasi nzima. Hiyo ina maana kwamba mwanafunzi mmoja anafikiri na watano wanatazama. Dawa yake ni kuzungusha kalamu kila baada ya mishororo miwili, na anayeishika aandike hoja ya mwenzake, si yake mwenyewe. Hapo lazima asikilize.

Dalili ya pili ni pambizo lililojaa fasili: "Taswira ni picha zinazojengeka akilini." Hiyo imetoka daftarini, na ingeweza kubandikwa kwenye shairi lolote duniani. Mwalimu akiiona, aulize tu mstari wake unakwenda kwenye neno gani.

Dalili ya tatu ni karatasi iliyopigiwa mstari kila mahali. Kundi ambalo limetia rangi maneno yote halijachagua kitu. Lipewe sharti la kubakiza alama tano tu nyekundu, na lijadili zipi zifutwe. Mara nyingi mjadala huo huwa na manufaa kuliko ule wa kwanza.

Njia hii ina mipaka yake pia. Inalifaa shairi lenye vitu vya kuonekana na sauti inayogeuka. Shairi la mawaidha linalotoa ushauri mmoja tangu mwanzo hadi mwisho litayachosha makundi kabla ya nusu saa. Mashairi huru, ya aina ambayo Euphrase Kezilahabi aliiletea mjadala mkali kwa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yanafaa sana, kwa kuwa mwanafunzi hana vina vya kukimbilia. Na utenzi wa beti mia haufai kwa kipindi kimoja. Uchukuliwe ubeti mmoja au miwili.

Kila mtu na daftari lake

Dakika kumi na tano za mwisho makundi huvunjwa. Karatasi zinabaki ukutani, na kila mwanafunzi anaandika aya moja kujibu swali: "Eleza jinsi taswira zinavyojenga toni katika ubeti wa pili." Sehemu hii haipaswi kuachwa, kwa kuwa mtihani haufanywi kwa makundi, na aliyenyamaza wakati wa mjadala hajapimwa bado.

Kabla ya somo, aya ya kawaida ingekuwa hivi: "Toni ya ubeti wa pili ni ya huzuni kwa sababu mshairi ametumia taswira na tashihisi." Baada ya somo, mwanafunzi wa wastani anaweza kuandika hivi: "Ubeti wa pili una toni ya ukiwa. Mshairi anaonyesha kutu kwenye gurudumu na mkanda ulioanguka sakafuni, vitu vinavyoonyesha kwamba kazi imekoma. Anasema buibui ndiye mtu anayeshona, yaani aliyekuwa akishona hayupo na nafasi yake imechukuliwa na mdudu. Viatu vilivyobaki uvunguni vinatufanya tumtafute mwenyewe tusimwone. Hakuna kilio katika ubeti, ila kila kitu kinaonyesha pengo."

Ukizilinganisha aya hizo mbili, utaona kwamba ya pili haina istilahi nyingi. Haijataja hata neno tashihisi, na mwalimu anaweza kumwongoza mwandishi wake aliongeze. Lakini kila dai lina neno la shairi linalolishikilia. Msahihishaji akiuliza "umejuaje?", jibu limo ndani ya aya.

Wiki inayofuata mwalimu huleta shairi jipya, safari hii katika karatasi ya kawaida na penseli moja kwa kila mwanafunzi. Hakuna rangi wala kundi. Wanafunzi watapiga mistari wenyewe, wengine bila kuagizwa, na pambizoni yataanza kutokea maswali kabla ya majibu: nani anasema, anamwambia nani, neno gani lingeondolewa hisia ikapotea. Mwalimu akusanye karatasi hizo na azisome pambizo zake kabla ya kusoma majibu. Atakayekosa toni sahihi lakini akawa na mistari iliyofungwa kwenye maneno yanayofaa yuko karibu kufika. Aliyeandika jina sahihi la toni na pambizo lake likawa tupu bado anabahatisha, na huyo ndiye wa kuketi naye kwanza.